Jibu sahihi, alama tatu: kisa cha ε, N na asili yenye alama za kutoa

Karatasi ilikuwa na alama 3 kati ya 10, na mwenye karatasi aliamini kabisa kwamba msahihishaji hakuisoma. Ni binti wa mwaka wa kwanza chuoni, ninayemsaidia hesabu jioni mara mbili kwa wiki. Alipofika hata begi hakuliweka chini.

"Shikamoo kaka. Hebu niangalizie hii. Kikomo si ni 3/2?"

"Marahaba. Ndiyo, ni 3/2."

"Na N nimeitoa?"

"Umeitoa."

"Sasa alama saba zimekwenda wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa hili. Mfuatano umetolewa kwa kanuni

a_n = (3n² + n) / (2n² − 5n − 4), n = 1, 2, 3, …

Thibitisha, kwa kutumia maana ya kikomo ya ε na N, kwamba mfuatano huu unakaribia 3/2.

Nilichukua karatasi nikaisoma. Kwa haki ya Mungu, ilikuwa kazi safi kwa macho. Alikuwa ameandika hivi:

|a_n − 3/2| = (17n + 12) / (4n² − 10n − 8) < (17n + 12) / (4n²) ≤ 18n / (4n²) = 9/(2n)

kisha: "9/(2n) < ε pale n > 9/(2ε). Kwa hiyo chukua N = 9/(2ε). Imethibitishwa." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alama ya kuuliza chini ya ile "<" ya kwanza, na hakuna neno lingine. Hapo namlaumu kidogo msahihishaji, maana alama ya kuuliza peke yake haimfundishi mtu kitu. Lakini alipoiweka ndipo penyewe.

Kabla ya kuingia kwenye kosa, tukumbushane swali linadai nini. Kusema mfuatano unakaribia L ni kusema hivi: mtu yeyote akikutajia umbali wowote ε ulio mkubwa kuliko sifuri, hata uwe mdogo namna gani, wewe unaweza kumtajia namba ya kuhesabia N, na kuanzia hapo kila a_n yenye n > N iko karibu na L kwa umbali pungufu ya ε. Mpangilio wa maneno ni muhimu. Yeye anataja ε kwanza, wewe unajibu kwa N, na N hiyo inaruhusiwa kutegemea ε lakini hairuhusiwi kutegemea n. Halafu ahadi yako inazihusu n zote zilizo mbele ya N, bila kuruka hata moja. Ikipatikana ε moja na n moja iliyopita N yako huku umbali wake ukiwa umezidi ε, ahadi imevunjika.

Hiyo ndiyo njia niliyoitumia kumwonyesha binti. Sikuanza na kanuni, nilimpa namba. Nikamwambia achukue ε = 0.2. N yake inakuwa 9/0.4, yaani 22.5. Kwa hiyo anadai kwamba kuanzia n = 23 na kuendelea, umbali kati ya a_n na 3/2 ni pungufu ya 0.2. Akatoa simu akapiga hesabu ya n = 23:

17 × 23 + 12 = 403
4 × 529 − 230 − 8 = 1878
403/1878 = 0.2146

Akapiga tena. Ikaja ileile. Nikamwambia apige na n = 24, ikaja 420/2056, ambayo ni 0.2043. Nayo imezidi. Ni kwenye n = 25 ndipo umbali unashuka kuwa 0.1949. Kwa hiyo N yake imeahidi mambo mawili yasiyo kweli, la n = 23 na la n = 24.

"Lakini ni mbili tu," akasema.

Ni mbili tu kwa ε hiyo. Kwenye uthibitisho wa "kwa kila n" moja inatosha kuuvunja.

Sasa kosa lenyewe. Angalia hatua ya kwanza: kutoka (17n + 12)/(4n² − 10n − 8) kwenda (17n + 12)/(4n²). Kiasi, yaani namba ya juu, hakikuguswa. Asili, yaani namba ya chini, iliondolewa −10n − 8. Kuondoa kitu chenye alama ya kutoa ni kuongeza: 4n² ni kubwa kuliko 4n² − 10n − 8. Na chapati ileile ikigawiwa watu wengi zaidi, kipande kinapungua. Kwa hiyo sehemu mpya ni ndogo kuliko ya zamani, na alama ilipaswa kuwa ">" na si "<". Alichothibitisha ni kwamba umbali ni mkubwa kuliko kitu fulani, na kitu hicho ni kidogo. Hilo halimsaidii mtu. Ukitaka kuonyesha kwamba duka liko karibu, kusema "liko mbali zaidi ya hatua kumi" hakujasema kama ni hatua kumi na moja au kilomita kumi na moja.

Kosa hili lina chanzo, nami nimeliona mara nyingi kiasi cha kuacha kulishangaa. Mifano ya kwanza ambayo wanafunzi hupewa huwa na asili yenye alama za kujumlisha, kama vile n² + 3n + 1. Hapo kutupa vipande vidogo kunaipunguza asili, sehemu inakua, na "<" inakaa sawa. Mtu anajifunza kwamba "chini unabakiza kipeo kikubwa, vingine unatupa," anaitia kichwani kama kanuni, na siku asili inapokuja na alama za kutoa kanuni inamgeuka. Na kwa kuwa kikomo kinabaki 3/2 na N inayotoka ina sura ya kawaida, hakuna kinachomshtua.

Hapa kuna jambo lililomuudhi binti zaidi nilipomwambia, na ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuandikwa. Usawa wake wa mwisho, kwamba umbali ni pungufu ya 9/(2n), si uongo mtupu. Ni kweli kwa n kubwa. Tuupime:

(17n + 12)/(4n² − 10n − 8) < 9/(2n)

Kwa n kuanzia 4 asili zote mbili ni chanya, kwa hiyo tunaweza kuzidisha pande zote bila kugeuza alama:

34n² + 24n < 36n² − 90n − 72

ambayo ni sawa na kusema n² − 57n − 36 > 0, au n(n − 57) > 36. Kwa n = 57 upande wa kushoto ni sifuri, haitoshi. Kwa n = 58 ni 58, inatosha, na kuanzia hapo inazidi kukua. Kwa hiyo dai lake ni kweli kuanzia n = 58 na ni uongo kwa kila n kutoka 4 hadi 57. Mtu akimtajia ε ndogo, mathalani 0.05, N yake ni 90 na kila kitu kinakwenda vizuri. Akipima kwa kikokotoo kwa ε ndogo ndogo, kila mara atafaulu. Ndiyo maana kupima kwa namba hakuthibitishi kitu hapa. Namba zinaweza kuliangusha dai, kama n = 23 ilivyoliangusha, lakini haziwezi kulisimamisha.

"Kwa hiyo ningeandika 'kwa n ≥ 58' ningepata zote?"

Ungepata, kama ungeonyesha kwa nini ni 58. Yeye hakuonyesha, na hatua aliyoiandika kufika pale ni ya uongo kwa kila n kuanzia 4, hata hizo kubwa. Alifika mahali pa kweli kwa daraja ambalo halipo.

Kulikuwa na makosa mengine mawili, madogo kwa sura. La kwanza: aliandika 17n + 12 ≤ 18n. Hiyo ni kweli tu pale 12 ≤ n. Sharti hilo alilijua, nilipomuuliza alijibu papo hapo, ila hakuliandika wala hakuliingiza kwenye N. La pili: alivua ile mistari ya thamani kamili kutoka |a_n − 3/2| bila kusema neno. Tofauti yenyewe, ukiikokotoa kwa uaminifu, ni

a_n − 3/2 = [2(3n² + n) − 3(2n² − 5n − 4)] / [2(2n² − 5n − 4)] = (17n + 12) / [2(2n² − 5n − 4)]

na kiasi chake ni chanya siku zote, lakini asili si chanya siku zote. Kwa n = 1, 2 na 3, ile 2n² − 5n − 4 ni −7, −6 na −1. Kwa n = 4 inakuwa 8, na kuanzia hapo ni chanya. Mfuatano wenyewe unaonyesha vurugu hiyo: a_1 ni −4/7, a_2 ni −7/3, a_3 ni −30, kisha a_4 inaruka hadi 6.5, a_5 ni kama 3.81, na baada ya hapo unateremka taratibu kuelekea 1.5.

Hiyo a_3 = −30 ni mtego mzuri sana. Mchukulie mtu anayekutajia ε = 4. N ya binti inakuwa 9/8, kwa hiyo anaahidi kwamba kuanzia n = 2 wote wako ndani ya umbali wa 4. Lakini a_3 iko umbali wa 31.5. Wengi hawapimi ε kubwa kwa sababu wanaona kikomo ni habari ya vitu vidogo, na ni kweli kwamba anayeweza kujibu ε ndogo anaweza kujibu na kubwa, kwa kutumia N ileile ya ndogo. Lakini ukiandika kanuni moja ya N na kusema ni ya kila ε > 0, basi ni ya kila ε, hata 4, hata 400.

Basi tukaanza upya, na nikamtaka atenganishe vitu viwili ambavyo alikuwa anavichanganya: rasimu na uthibitisho. Kwenye rasimu unatoka mwisho kwenda mwanzo, unakisia, unafuta. Kwenye uthibitisho unatoka kwenye ε uliyopewa kwenda mbele.

Rasimu inaanza na ile tofauti. Hapa kuna alama ya kujua kama umekosea mapema: n² lazima zifutane kwenye kiasi. Tulipata 6n² − 6n², zikafutana, ikabaki 17n + 12. Zisipofutana, ama umekosea hesabu ama kikomo ulichokisia si chenyewe. Mtu akisema kikomo ni 2, kiasi kinatoka −n² + 11n + 8 juu ya 2n² − 5n − 4, n² iko juu na chini, na sehemu hiyo haiwezi kwenda sifuri.

Sasa tuna kiasi cha kipeo cha kwanza na asili ya kipeo cha pili. Tunataka kuibana sehemu hii kutoka juu kwa kitu cha namna ya C/n, C ikiwa namba isiyobadilika, kwa sababu C/n < ε inatatulika kwa mstari mmoja. Ili sehemu ikue, kiasi kikuzwe au asili ipunguzwe. Hakuna njia ya tatu.

Kiasi ni rahisi: 12 tunaifunika kwa n kadhaa. Asili ndiyo yenye kazi. Tunataka kitu kidogo kuliko 2n² − 5n − 4, lakini kiwe bado cha kipeo cha pili na kiwe chanya. Ujanja ni kutoa kafara sehemu ya ile 2n² ili ilipe deni la 5n + 4. Tukitoa n² moja, inabaki n² moja:

2n² − 5n − 4 = n² + (n² − 5n − 4)

na ikiwa mabano ni sifuri au chanya, asili si pungufu ya n². Mabano ni chanya kuanzia lini? Kwa n = 5 ni 25 − 25 − 4 = −4, bado. Kwa n = 6 ni 36 − 30 − 4 = 2, tayari. Na kwa n kubwa zaidi, n(n − 5) inazidi kukua, kwa hiyo haitarudi nyuma. Basi kuanzia n = 6, 2n² − 5n − 4 ≥ n².

Tukishakubali n ≥ 6, kiasi nacho kinapata nafuu: 12 ≤ 2n, kwa hiyo 17n + 12 ≤ 19n. Tukiunganisha,

|a_n − 3/2| ≤ 19n/(2n²) = 19/(2n), kwa n ≥ 6.

Binti alinyamaza kidogo. "Kwa nini n² na si kitu kingine? Yangu ilikuwa 9/2, hii ni 19/2. Si umeharibu?"

Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa aina hii ya maswali. Hakuna C moja iliyoandikwa mbinguni. Kuna biashara kati ya C na kizingiti, yaani ile n ambayo kuanzia hapo usawa ni kweli. Ukitoa kafara n² nzima kutoka kwenye 2n², C inakuwa kubwa, 19/2, lakini kizingiti ni 6 tu. Ukitaka C ya 9/2, tumeshaona kizingiti ni 58. Ukitaka kushuka zaidi hadi 17/4, hutafika kamwe: ile hatua ya binti, ikisomwa kwa alama sahihi, inasema kwamba kuanzia n = 4 umbali ni mkubwa kuliko 17n/(4n²), yaani 17/(4n). Kwa hiyo hatua yake haikuwa bure. Ilikuwa inathibitisha mpaka wa chini: C yoyote iliyo kubwa kuliko 17/4 inawezekana kwa kizingiti fulani, na 17/4 yenyewe haiwezekani.

Swali halikutaka N ndogo kuliko zote. Lilitaka N inayofanya kazi. Kwa ε = 0.01, kanuni yetu inatoa 950, wakati kwa hesabu kamili umbali unashuka chini ya 0.01 kuanzia n = 429. Tumeahidi kwa kuchelewa zaidi ya mara mbili, na hakuna kosa lolote. Ahadi ya "kuanzia 951 wote wako ndani" ni kweli hata kama kuanzia 429 walishakuwa ndani.

Kuna anayependa kuipata ile N kamili. Inawezekana hapa: unaandika (17n + 12)/(4n² − 10n − 8) < ε kuwa

4εn² − (10ε + 17)n − (8ε + 12) > 0

unatumia kanuni ya kipeuo cha pili, na unachukua n kubwa kuliko jibu la upande wa chanya. Kwa ε = 0.2 jibu hilo ni kama 24.4, kwa hiyo n = 25, sawasawa na tulichokiona kwenye simu. Ni uthibitisho halali. Ila asili ikiwa ya kipeo cha tano utakwama, wakati njia ya kafara inaendelea bila kubadilika. Mimi simzuii mtu, namwambia tu karatasi ya mtihani ni fupi.

Swali lingine aliloliuliza ni kwa nini tusigawe juu na chini kwa n², tupate (3 + 1/n)/(2 − 5/n − 4/n²), tuseme 1/n inakwenda sifuri, tumalize. Kwa kutafuta kikomo ni njia bora, na ndivyo sote tulivyojua kwamba ni 3/2. Lakini inategemea kanuni za vikomo za kujumlisha na kugawanya, na swali limesema wazi utumie maana yenyewe. Kanuni hizo nazo zilithibitishwa kwa ε na N mahali fulani. Hapa umeambiwa ushuke ukafanye kazi hiyo kwa mkono.

Baada ya rasimu, huu ndio uthibitisho kama unavyopaswa kukaa kwenye karatasi:

Chukua ε > 0 yoyote. Chagua namba ya kuhesabia N iliyo sawa au kubwa kuliko 6 na pia sawa au kubwa kuliko 19/(2ε). Chukua n yoyote yenye n > N. Kwa kuwa n > 6, n² − 5n − 4 = n(n − 5) − 4 > 0, kwa hiyo 2n² − 5n − 4 > n² > 0. Pia 12 < 2n, kwa hiyo 17n + 12 < 19n. Hivyo

|a_n − 3/2| = (17n + 12) / [2(2n² − 5n − 4)] < 19n/(2n²) = 19/(2n) < 19/(2N) ≤ ε.

Basi. Angalia kilichomo na kisichomo. Hakuna "tuseme |a_n − 3/2| < ε" mahali popote, maana hicho ndicho kinachotafutwa. Wanafunzi wengi huandika rasimu yao kama uthibitisho: wanaanza na |a_n − 3/2| < ε, wanashuka hadi n > 19/(2ε), wanapiga mstari. Hiyo inaonyesha kwamba kama umbali ni mdogo basi n ni kubwa, wakati tulitaka kinyume chake. Kwenye uthibitisho wetu n > N inaingia kwanza na < ε inatoka mwisho.

Kuna pia neno "chagua", ambalo halikuja bure. Tuna uhakika gani kwamba kuna namba ya kuhesabia inayozidi 19/(2ε), hata ε ikiwa ndogo ya kutisha? Hiyo ni sifa ya namba halisi inayoitwa kwa jina la Archimedes: hata namba halisi iwe kubwa vipi, kuna namba ya kuhesabia iliyo mbele yake. Kwenye karatasi ya mwaka wa kwanza huhitaji kuitaja, lakini ndiyo inayokupa haki ya kuandika "chagua N". Bila hiyo, hata 1/n haikaribii sifuri. Na ndiyo sababu N ya binti, 9/(2ε), ilikuwa na kasoro ndogo zaidi ambayo sikuitaja siku ile: si lazima iwe namba ya kuhesabia. Wasahihishaji wengi huipita, kwani unaweza kuipandisha hadi namba kamili inayofuata.

Masharti mawili ya N hayawezi kuunganishwa kuwa moja kirahisi. Lile la 19/(2ε) linashughulika na ε. Lile la 6 halijui ε kabisa. Linahakikisha tu kwamba usawa tulioutumia ni halali. Kwa ε ndogo kuliko 19/12 sharti la kwanza linalimeza la pili, na ndiyo maana watu wanalisahau. Kwa ε = 4, 19/(2ε) ni 2.375 tu, na bila ile 6 tungechukua N = 3 na kuahidi mambo kuhusu a_4, ile ya 6.5, ambayo iko umbali wa 5.

Nilimwachia alifanye upya mwenyewe, kwa masharti yake, bila kunakili 6 na 19 zangu. Akarudi siku mbili baadaye. Alikuwa ameikataa kafara yangu ya n² nzima, akatoa nusu yake: 2n² − 5n − 4 ≥ (3/2)n² pale n² − 10n − 8 ≥ 0. Alipima n = 10, ikatoka −8, akapima n = 11, ikatoka 3. Halafu akapandisha kizingiti hadi 12, makusudi, ili ile 17n + 12 ≤ 18n yake ya mwanzo aliyoipenda iwe halali. Ikamtokea

|a_n − 3/2| ≤ 18n/(3n²) = 6/n

na akaandika: chagua N ya kuhesabia, sawa au kubwa kuliko 12 na kuliko 6/ε. Kabla sijauliza, alikuwa tayari ameandika pembeni kwa penseli: ε = 0.2, N = 30, n = 31, 539/3526, 0.1529. Na chini yake: ε = 4, N = 12, n = 13, 233/538, 0.433.

"Hizo za penseli si uthibitisho," akaniwahi. "Nilikuwa natafuta kama itavunjika."